Hodhi la kurasa katika hifadhidata

Hodhi la kurasa ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambamo injini ya hifadhidata huweka nakala za kurasa zilizosomwa kutoka diskini. Kwa kuwa hodhi huwa dogo kuliko data yenyewe, ukurasa mpya unapohitajika injini huamua upi utolewe.

Kwa mfano, takwimu za kila mwezi za zahanati za wilaya ya Same hujazwa kwenye fomu za MTUHA kisha huingizwa katika DHIS2, mfumo unaohifadhi data zake katika PostgreSQL. Injini hiyo hutumia kurasa za kilobaiti 8. Hodhi lake, `shared_buffers`, lisiporekebishwa huwa na megabaiti 128, yaani nafasi 16,384.

Kila nafasi ina hesabu ya matumizi, isiyozidi 5. Ukurasa ukisomwa hesabu hupanda. Nafasi ikihitajika, mkono huzunguka kama wa saa ukipunguza moja moja, na ukurasa wa kwanza kukutwa na sifuri ndio hutolewa. Tuchukue nafasi nne: A ina 3, B 1, C 1 lakini kuna anayeisoma wakati huo, D 1. Mkono ukianzia A, huiacha na 2, B na 0, huiruka C kwa kuwa imeshikiliwa, kisha D hubaki na 0. Katika mzunguko wa pili A hushuka hadi 1, na B hutolewa. Kama B ilibadilishwa bila kuandikwa diskini, kumbukumbu ya mabadiliko yake huandikwa kwanza, ukurasa ndipo ufuate. Mpangilio huo ndio unaookoa data umeme ukikatika.

Hatari kubwa ni usomaji wa jedwali zima. DHIS2 hujenga upya majedwali ya uchambuzi, mara nyingi usiku, na kazi hiyo hupitia jedwali la `datavalue`, lililo kubwa mno. Kurasa hizo husomwa mara moja tu, lakini zingeachiwa hodhi zingefukuza zile ambazo waingizaji takwimu watazihitaji asubuhi. Kwa hiyo jedwali likizidi robo ya hodhi, PostgreSQL hulisoma kupitia pete ndogo ya nafasi zinazotumika kwa zamu. Ni kinga nzuri, ila haifanyi kazi kwa usomaji unaopitia faharasa. Huo unaweza kulijaza hodhi lote.

Dalili huonekana hapa:

```sql
SELECT blks_hit, blks_read
FROM pg_stat_database
WHERE datname = current_database();
```

`blks_read` ikiongezeka kwa kasi kuliko kawaida wakati wa kazi ileile, hodhi linakosa kurasa zinazotakiwa. Namba hii isisomwe peke yake: huhesabu pia kurasa zilizotoka kwenye akiba ya mfumo endeshi, bila diski kuguswa. Kiendelezi `pg_buffercache` huonyesha jedwali gani limeshika nafasi ngapi, na hapo ndipo mtafutaji wa chanzo huanza.