Ngazi za Upepo: Kusoma Povu la Ziwa Albert

Sisi wa Arua na Koboko hatuna bahari. Maji makubwa yaliyo karibu nasi ni Nile ya Albert, na ukiufuata mto kuelekea kusini unafika Panyimur, ambako Ziwa Albert linaanza. Muziri na ragoge waliokaushwa tunaowanunua sokoni hapa hutoka huko. Ndiyo maana nataka tulizungumze jina ambalo kwetu linaonekana geni: kipimo cha Beaufort, jedwali la kukadiria nguvu ya upepo kwa kuyatazama maji, bila chombo chochote mkononi.

Francis Beaufort alikuwa ofisa wa jeshi la maji la Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 19 aliupanga upepo katika hatua ambazo hatimaye zilikuwa 13, kuanzia 0 hadi 12. Hakutazama maji. Alitazama matanga: upepo huu unairuhusu manowari kutweka matanga mangapi, na ule unailazimisha kukunja mangapi? Mwaka 1838 jeshi hilo lilianza kuutumia mpango huo rasmi. Meli za mvuke zilipoyaondoa matanga, jedwali lilihitaji alama nyingine, na mwaka 1927 nahodha Mjerumani aitwaye Petersen aliandika jinsi uso wa bahari unavyoonekana katika kila hatua. Hayo ndiyo tunayosoma leo.

Tuite nini kwa Kiswahili? Wengi huandika “skeli ya Beaufort” au “kipimo cha Beaufort”. Neno kipimo linamfanya msomaji atafute kifaa, na hapa kifaa ni jicho. Nilifikiria “daraja”, lakini kwa mtu wa Nile Magharibi daraja ni lile la Pakwach tunalovukia Nile, na “daraja la nne” lingemchanganya. Mimi nachagua ngazi: ngazi ya 3, ngazi ya 4, ngazi ya 5. Lina kasoro moja inayopasa kusemwa wazi. Vipandio vya ngazi hii havilingani. Kanuni inayounganisha namba na kasi ni hii, kasi ikiwa katika mita kwa sekunde:

```
v = 0.836 × B^(3/2)
```

Ukiifuata, ngazi ya 3 ina kasi ya kama kilomita 16 kwa saa, na ngazi ya 6 kilomita 44. Lakini msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ngazi ya 6 inaisukuma mashua kwa nguvu mara nane ya ngazi ya 3. Namba imezidi mara mbili tu, mzigo umezidi mara nane.

Shida kubwa ya tafsiri, hata hivyo, iko kwenye majina ya hatua zenyewe. Ukiandika “upepo mwanana”, “upepo wa wastani”, “upepo mkali”, umempa msomaji sifa asizoweza kuziona. Mkali kwa nani? Mwenye mtumbwi na mwenye feri hawatakubaliana. Hatua zitajwe kwa sura ya maji, kwa sababu Kiswahili kina maneno yake tayari. Ngazi ya 0 ni shwari, maji kama kioo. Ngazi ya 1 ni viwimbi kama magamba ya samaki, bila povu. Katika ngazi ya 2 viwimbi vina migongo inayong'aa lakini haivunjiki. Kisha inakuja ngazi ya 3, na hapo ndipo jicho linapopata kazi: vichwa vya mawimbi vinaanza kuvunjika, na povu jeupe linaonekana hapa na pale. Ngazi ya 4 povu ni la mara kwa mara. Ngazi ya 5 ni povu kila unakotazama, na matone yanaanza kurushwa. Ngazi ya 6 mawimbi makubwa yanajengeka na vichwa vyeupe vinatanda kote. Upepo ukianza kulivuta povu liwe mistari mirefu juu ya maji, hiyo ni ya 7. Mabaharia wa Kiingereza huviita vichwa hivyo farasi weupe. Sisi hatuwahitaji farasi hao, povu linatosha.

Sasa simama Panyimur ulinganishe jedwali na ziwa. Petersen aliandika kwa ajili ya bahari kuu, ambako upepo una nafasi ndefu ya kuyakuza mawimbi. Ziwa Albert lina urefu wa kama kilomita 160 na upana wa takriban 30. Chukua upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao umo ndani ya ngazi ya 5. Ukivuma kukata upana wa ziwa, baada ya kama saa nne unazaa mawimbi ya takriban mita 0.9 na hauwezi kuyakuza zaidi, kwa sababu maji yamekwisha. Ukivuma kutoka kusini kwa urefu wote, na ukadumu karibu nusu siku, mawimbi yanayofika upande wa Panyimur yanakaribia mita 2. Upepo ni uleule.

Mtu anayepima kwa urefu wa wimbi, akayaona yale ya mita 0.9, atafungua jedwali la bahari na kusema ngazi ya 4. Amekosea kwa ngazi nzima. Anayetazama povu ataona limejaa kila upande na kusema ngazi ya 5, naye ndiye sahihi. Kisha mawimbi hayo mafupi hayana upole wa ufupi wao: yanafuatana kila sekunde nne hivi, mashua haijamaliza kushuka moja na jingine limeshapanda ubavuni.

Upepo wa radi unalifanya jambo hili kuwa gumu zaidi. Unafika kwa dakika chache, na povu linatokea karibu papo hapo, lakini mawimbi yanahitaji muda ili yakue. Aliye ufukweni anaona mawimbi madogo yenye vichwa vyeupe na kudhani hali bado ni njema. Vichwa vyeupe ndivyo vinavyosema kweli.

Povu nalo lina mipaka yake. Pale ziwa linapoingia Nile, mkondo unakwenda kaskazini. Upepo ukitoka kaskazini unagongana nao, mawimbi yanasimama wima na kuvunjika mapema, na utaona povu la ngazi ya 4 kwa upepo wa ngazi ya 3. Upepo ukifuata mkondo, povu linapungua na unadanganyika upande wa pili. Vilevile maji yaliyo chini ya kingo ndefu za bonde huwa yamekingwa, kwa hiyo tazama mbali kati ya ziwa, usitazame miguuni pako.

Na wavuvi wa muziri hutoka usiku, wakivuta samaki kwa taa. Nje ya mwanga wa taa povu halionekani, isipokuwa kuna mbalamwezi. Hapo hubaki sikio, kwa mlio wa vichwa vinavyovunjika, na uso, kwa matone yanayourukia.

Kama ningeombwa kuandika ingizo la kamusi, lingekuwa hivi: ngazi za Beaufort, hatua 13 za nguvu ya upepo, 0 hadi 12, zinazotambuliwa majini kwa wingi wa povu kabla ya urefu wa wimbi. Watunzi wa istilahi, tafadhali msiliache neno povu nje ya maana hiyo.