Namba ya Mama Dukani: Historia ya Mgao wa Rochdale

Jioni ya Desemba 21, 1844, katika mtaa wa Toad Lane mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, watu wachache walifungua mbao za madirisha ya ghala moja kuukuu. Ndani mlikuwa na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa, basi. Vijana wa viwandani waliokuwa wakipita njiani waliwacheka. Wenye duka walikuwa 28, wengi wao wafumaji wa vitambaa vya sufu na mafundi wa kawaida, na mtaji wao wote ulikuwa pauni 28 zilizochangwa kwa peni chache kila wiki.

Leo kila duka kubwa lina kadi ya pointi, na kampuni za simu zina pointi zake. Anayetaka kuelewa kwa nini nyingi ya kadi hizo hazimfungi mteja na duka lolote, namshauri arudi Toad Lane. Hapo ndipo palipokomazwa mpango uliomrudishia mnunuzi sehemu ya fedha yake kwa namna iliyomkumbusha, kila mara, ameingia duka la aina gani.

Tuanze na adha ya mnunuzi wa wakati ule. Unga ulichanganywa na chaki, na majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa na kuuzwa tena. Mizani ilichezewa. Wafanyakazi wengi walichukua bidhaa kwa mkopo, na mwenye deni hawezi kulalamika kwamba unga una mchanga, wala hawezi kuhamia kwa muuzaji mwingine kabla ya kulipa. Deni lilimfunga mteja na duka kwa nguvu kuliko kadi yoyote ya sasa.

Wale wa Rochdale wakaweka masharti yao: bidhaa safi, kipimo kamili, na fedha taslimu tu. Bei hawakuishusha. Waliuza kwa bei ya kawaida ya mjini, kisha kila robo ya mwaka walikokotoa faida, wakalipa riba ya mtaji, na kilichobaki wakakirudisha kwa wanachama kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Wazo hilo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la Charles Howarth, mmoja wa waasisi, ingawa maduka mengine ya ushirika yalikuwa yamelijaribu kabla yake. Waingereza waliliita kwa kifupi divi. Sisi tutaliita mgao.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatapata shida na hesabu yake, maana shilingi zetu zilitokana na zao. Pauni 1 ilikuwa shilingi 20. Tuchukue familia inayonunua bidhaa za shilingi 10 kila wiki. Kwa wiki 13 za robo ya mwaka imetumia shilingi 130, yaani pauni 6 na nusu. Mgao ukitangazwa kuwa shilingi 2 kwa kila pauni, familia inarudishiwa shilingi 13.

Shilingi hizo 13 ni asilimia 10 ya manunuzi, na duka lingeweza kumpunguzia mama huyo shilingi 1 kila wiki pale kaunta. Kimahesabu ni kitu kilekile, lakini kwa maisha ya nyumbani tofauti ni kubwa. Shilingi 1 ya kila Jumamosi huyeyuka ndani ya kikapu bila mtu kuiona. Shilingi 13 kwa pamoja hununua viatu vya mtoto, au hubaki dukani kama hisa na kuzaa riba. Mtu ambaye hakuwahi kuweka akiba maishani alijikuta ameiweka kwa kula tu.

Isitoshe, kila sharti la mgao lilikuwa na maana yake kwa duka lenyewe. Mgao ulitoka kwenye faida, kwa hiyo hesabu zilisomwa mbele ya wanachama na kila mmoja akajua duka limeuza nini. Ulimfikia mwanachama, na mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa moja au hamsini, awe mwanamume au mwanamke. Ulihitaji fedha taslimu, na hivyo ukamtoa mtu kwenye deni. Na kuanzia 1853 asilimia 2.5 ya faida ilitengwa kwa elimu, kwa ajili ya maktaba na chumba cha kusomea magazeti, kabla wanachama hawajagawana. Mtu aliyekwenda kupokea shilingi zake 13 alikuta duka linamweleza upya, bila hotuba, kwamba yeye ni mmoja wa wenyewe. Mwishoni mwa 1845 wanachama walikuwa 74. Miaka kumi baadaye walikuwa wamefika kama 1,400.

Mwanzoni manunuzi yalihesabiwa kwa vipande vya bati alivyopewa mnunuzi, akavirudisha robo ilipokwisha. Baadaye, kadiri maduka ya aina hiyo yalivyoenea Uingereza nzima, ikaja namba. Kila familia ilikuwa na namba yake ya mgao. Mtoto akitumwa mkate alitaja namba, muuzaji akaiandika pamoja na kiasi kwenye kikaratasi, nakala moja ikaenda ofisini na nyingine nyumbani.

Maduka hayo yakaanzisha ghala la pamoja mwaka 1863, lenye makao Manchester, na baada ya muda likawa na viwanda vyake. Kiwanda cha biskuti cha Crumpsall kilianza 1873, kisha vikafuata sabuni, viatu na mengine. Hili lilikuja kuwaokoa. Katika karne ya 20 watengenezaji wa bidhaa zenye majina makubwa walikuwa wakipanga wenyewe bei ya rejareja, na wengine waliuona mgao kama punguzo la kificho. Waliyanyima maduka ya ushirika bidhaa zao, au wakadai kwamba zikiuzwa humo zisihesabiwe mgao. Ushirika ulijibu kwa kutengeneza vya kwake, na mgao ukazidi kuambatana na jina lililochapwa kwenye pakiti.

Ila ugonjwa ulikuwa umeanza mapema, tena ndani ya ushirika wenyewe. Mgao uliposifiwa sana, kamati za maduka zikaanza kuufukuzia. Kamati iliyotaka kutangaza mgao mnono ilipandisha bei ya chai na siagi, halafu ikajisifu kwa kurudisha kile ilichochukua. Dalili yake ilikuwa rahisi kuiona: mkutanoni wanachama wakaacha kuuliza ubora wa unga wakauliza kiwango tu, na aliyekaa katikati ya maduka mawili ya ushirika akajiunga na lenye kiwango kikubwa.

Walioumia zaidi ni maskini wa chini kabisa, wasiomudu bei ya leo kwa ahadi ya robo ijayo. Margaret Llewelyn Davies, katibu wa chama cha wanawake wa ushirika kilichoanzishwa 1883, alilipigia kelele jambo hili. Mwaka 1902 duka la majaribio lilifunguliwa Coronation Street mjini Sunderland, katikati ya watu fukara, likauza vipimo vidogo vidogo kwa bei waliyoiweza. Lilipendwa, lakini lilifungwa 1904 baada ya kutoelewana na kamati ya ushirika wa mji. Binafsi naona hapo ndipo ushirika ulipoonyesha kwamba umeanza kupenda kiwango cha mgao kuliko sababu ya mgao.

Kisha zikaja stempu. Mwaka 1958 Richard Tompkins alianzisha Green Shield nchini Uingereza, kwa kuiga mtindo uliokuwapo Marekani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mnunuzi alipewa vistempu kulingana na fedha aliyotumia, akavibandika kitabuni, na vitabu vikijaa akavibadilisha kwa birika au blanketi kutoka kwenye katalogi. Maduka makubwa ya Tesco yaliziingiza 1963. Vituo vya mafuta vilikuwa nazo, na maduka ya vyakula pia. Stempu ya petroli na stempu ya nyama zilikaa ukurasa mmoja, rangi moja. Mtu alikuwa mwaminifu kwa kitabu chake, na duka likabaki njia tu ya kukijaza. Tesco walipoziacha 1977 wakaelekeza fedha hizo kwenye kushusha bei, wateja hawakuzililia, biashara ikapanda.

Ushirika ulifanya nini? Sheria ya 1964 iliwazuia kwa jumla watengenezaji kupanga bei ya rejareja, bei zikaporomoka kwa washindani, na mgao wa kusubiri miezi ukaonekana wa kizamani. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1960 maduka mengi ya ushirika yaliacha namba na kutoa stempu zao wenyewe za mgao. Naelewa shinikizo lililowabana, lakini walichokitupa kilikuwa kikubwa. Stempu hutolewa kwa yeyote apitaye, awe mwanachama au la. Haina mkutano wala hesabu za kusomwa. Mgao ulipogeuzwa stempu ukawa punguzo, na kwenye punguzo mwenye mfuko mkubwa ndiye mshindi. Kwa miongo kadhaa sehemu ya ushirika katika soko la vyakula ilizidi kupungua.

Septemba 2016 kundi kubwa la ushirika la Uingereza lilijaribu tena, na kwa mtu anayesanifu mipango ya aina hii jaribio hilo linafaa kuchunguzwa kwa makini. Mwanachama alirudishiwa asilimia 5, lakini kwa bidhaa zenye nembo ya ushirika tu, na asilimia 1 nyingine ikaenda kwa kikundi cha jamii cha eneo lake alichokichagua mwenyewe. Mwenye kikapu cha pauni 20, chenye bidhaa za nembo ya duka za pauni 12, alipata peni 60, na kikundi chake, tuseme cha wazee au cha bustani ya mtaa, kikapata peni 12. Soda ya kampuni ya kimataifa haikumpa kitu, na hilo lilikuwa na mantiki, kwa sababu soda hiyo inauzwa kila mahali na haimwambii mnunuzi lolote kuhusu duka alimo. Zawadi ilikaa pale palipokuwa na bidhaa ya ushirika wenyewe, ikawa na upande wa jirani.

Mwaka 2020 viwango vikalinganishwa: asilimia 2 kwa mwanachama, asilimia 2 kwa jamii. Mwanzoni mwa 2024, bei za vyakula zikiwa zimewaelemea watu, ile asilimia 2 ya mwanachama ikaondolewa na badala yake zikaja bei nafuu za wanachama pale rafuni, mtindo ambao Tesco na wengine walikuwa wameshauzoesha umma. Uanachama bado ni pauni 1, na kura bado ipo. Lakini funika nembo kwenye kile kibandiko cha bei rafuni, na sidhani kama mnunuzi ataweza kusema yuko duka la nani.

Huku kwetu mbegu ile iliota upande wa wakulima. Tanganyika ilipata sheria yake ya ushirika 1932, na KNCU ya wakulima wa kahawa Kilimanjaro ilizaliwa 1933. Mkulima hulipwa kwanza, kisha mazao yakiuzwa vizuri hulipwa tena kwa kadiri ya kilo alizoleta, malipo ambayo vyama vingi vya Tanzania huyaita majaliwa. Hesabu ni ileile ya Toad Lane, iliyogeuzwa tu kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa mzalishaji.

Jengo la Toad Lane bado lipo, na tangu 1931 limekuwa makumbusho. Na Uingereza bado wapo wazee waliotumwa dukani wakiwa watoto, miaka sitini au sabini iliyopita. Waulize namba ya mgao ya mama yao, wengi wataitaja papo hapo, tarakimu kwa tarakimu.