Zabuni ya ukarabati wa jengo

Zabuni ya ukarabati wa jengo ni ombi la mkandarasi la kufanya kazi ya ukarabati kwa bei anayoitaja. Kwa majengo ya umma mkoani Singida, kama kwingineko Tanzania, huwasilishwa kupitia mfumo wa NeST, na mwombaji lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Msingi wake ni jedwali la vipimo na gharama. Kwa mfano, ikiwa lipu ya meta moja ya mraba inahitaji vifaa vya shilingi 8,000 na ufundi wa shilingi 4,000, nyongeza ya asilimia 15 kwa uendeshaji na faida huifikisha shilingi 13,800. Meta 200 za mraba hugharimu shilingi 2,760,000.

Mkataba ukizuia asilimia 10 kama fedha za matazamio, shilingi 276,000 hubaki kwa mwajiri. Kwa kawaida nusu hulipwa kazi ikikamilika, na nusu baada ya kipindi cha matazamio, kasoro zikisharekebishwa. Kwa kuwa fedha hizo ni sehemu kubwa ya nyongeza yote ya shilingi 360,000, mkandarasi huhitaji mtaji wa kusubiria malipo hayo.