Viungo vya ziada kwenye tangazo la Google: kipi kibaki, kipi kiondoke

Baada ya kipindi chetu cha biashara ndogo, wasikilizaji kadhaa waliotangaza biashara zao kwenye Google walituuliza swali linalofanana. Chini ya tangazo lao kuna viungo vidogo: kimoja kinapeleka kwenye bei, kingine kwenye namna ya kuagiza, kingine kwenye historia ya duka. Wakifungua ripoti, kila kiungo kinaonekana kimebonyezwa mara nyingi, ila wateja hawaongezeki. Wanataka kujua wafute kipi.

Hapa tunaeleza namna ya kuisoma ripoti hiyo, kwa sababu ina mtego mmoja unaowapoteza wengi. Ukishaujua huo mtego, uamuzi unakuwa mwepesi.

Viungo hivi ni nini

Mtu anapotafuta kitu Google, tangazo lako linaweza kutokea likiwa na kichwa cha habari, maelezo mafupi na nyongeza. Zamani Google iliita nyongeza hizi `Extensions`. Tangu mwaka 2022 inaziita `Assets`. Nyongeza inayotumika sana ni `Sitelinks`, yaani viungo vinavyompeleka mtu moja kwa moja kwenye ukurasa fulani wa tovuti yako. Maandishi ya kiungo hayazidi herufi 25, nafasi zikihesabiwa. Ipo pia `Callouts`, ambayo ni maneno mafupi yasiyobonyezeka, kama vile kusema kwamba vifaranga wameshachanjwa. Nyingine ni `Call`, kitufe cha kupiga simu.

Kuweka nyongeza hakulipiwi. Unalipa mtu akibonyeza, na bonyezo la kiungo hutozwa kama bonyezo la kichwa cha tangazo. Kwa hiyo kiungo kinachovuta watu wasionunua kinakula fedha ileile ambayo ingemleta mnunuzi.

Mtego wa ripoti

Ripoti iko ndani ya akaunti yako, sehemu ya `Assets`. Ni rahisi kuiona kwa kompyuta. Kama una simu tu, fungua `ads.google.com` kwenye kivinjari, kisha chagua `Desktop site` ili jedwali lote litokee.

Ukifika hapo utaona kila kiungo na idadi ya mabonyezo yake chini ya neno `Clicks`. Mtego uko hapo. Namba hiyo haisemi kiungo hicho kilibonyezwa mara ngapi. Inasema tangazo lilibonyezwa mara ngapi wakati kiungo hicho kilikuwa kimeonekana nalo. Mtu akibonyeza kichwa cha tangazo, na chini yake kulikuwa na viungo vinne, basi viungo vyote vinne vinaandikiwa bonyezo moja kila kimoja, ingawa hakuna hata kimoja kilichoguswa.

Ndiyo maana ukijumlisha mabonyezo ya viungo vyote unapata namba kubwa kuliko mabonyezo ya kampeni nzima. Ukiona hivyo, usidhani umeibiwa. Ni namna ya kuhesabu tu.

Kuitenganisha, bonyeza `Segment` juu ya jedwali, kisha chagua mstari unaoanza na `This` na kuishia na `Other`. Sasa kila kiungo kitagawanyika sehemu mbili: mabonyezo ya kiungo chenyewe, na mabonyezo ya sehemu nyingine za tangazo. Kwa uamuzi wako, tazama ile sehemu ya kwanza.

Tuchukue mfano

Tuseme kuna mama anayeuza vifaranga wa kuku wa kienyeji mkoani Morogoro. Ana tovuti ndogo na tangazo la Google. Namba zifuatazo ni za mfano. Kwa siku 30 tangazo lake limebonyezwa mara 210, na kila bonyezo limemgharimu wastani wa shilingi 300. Ametumia shilingi 63,000. Ana viungo vinne, na ripoti ya juu juu inaonyesha hivi:

- Bei za vifaranga: mabonyezo 120
- Namna ya kuagiza: mabonyezo 118
- Mashine za kutotolesha: mabonyezo 112
- Historia ya biashara: mabonyezo 106

Jumla ni 456, zaidi ya mara mbili ya yale 210. Na kwa kuitazama hivi, viungo vyote vinaonekana kulingana. Hata historia ya biashara inaonekana kufanya kazi nzuri.

Akishagawanya, mabonyezo ya kiungo chenyewe yanatokea hivi:

- Bei za vifaranga: 34
- Namna ya kuagiza: 12
- Mashine za kutotolesha: 25
- Historia ya biashara: 3

Picha imebadilika kabisa. Ila bado hajafika mwisho, kwa sababu kubonyeza siyo kununua.

Nani alinunua?

Mama huyu hupokea oda kwa WhatsApp. Kwa hiyo kwenye kila ukurasa ameweka kiungo cha WhatsApp chenye ujumbe wake uliokwisha kuandikwa. Kwenye ukurasa wa bei kiko hivi, namba yake ikiwekwa mahali pa herufi X:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nimeona%20bei
```

Mteja akikibonyeza, WhatsApp inafunguka na maneno "Nimeona bei" yakiwa tayari yameandikwa. Kwenye ukurasa wa kuagiza maneno ni mengine, na kwenye ukurasa wa mashine ni mengine. Hivyo ujumbe ukiingia anajua mteja ametokea ukurasa gani, naye anaandika kwenye daftari. Njia hii haina uhakika wa asilimia mia. Mteja anaweza kufuta maneno hayo, au akaingia kwa ukurasa mmoja na kuhamia mwingine. Lakini kwa biashara ndogo inatosha kuonyesha mwelekeo.

Daftari la mwezi huo linasema hivi. Ukurasa wa bei umeleta wanunuzi 4. Kiungo chake kimegharimu mara 34 kwa 300, yaani shilingi 10,200, kwa hiyo kila mnunuzi amemgharimu shilingi 2,550. Ukurasa wa kuagiza nao umeleta wanunuzi 4, kwa shilingi 3,600 tu. Hao ni shilingi 900 kwa kila mmoja. Mashine za kutotolesha zimekula shilingi 7,500 bila mnunuzi hata mmoja. Historia ya biashara imekula shilingi 900, nayo haikuleta mtu.

Uamuzi, kimoja kimoja

Kiungo cha kuagiza kinabaki. Kimebonyezwa mara chache kuliko cha mashine, lakini wanaokibonyeza ni watu walioamua kununua. Kama angefuata wingi wa mabonyezo peke yake, angeweza kukifuta hiki na kubakiza kile cha mashine.

Kiungo cha bei kinabaki pia. Watu wengi wanachungulia bei na kuondoka, na hilo ni jambo la kawaida. Anachoweza kurekebisha ni ukurasa wenyewe. Kama bei ya usafiri haijaandikwa, wapo wanaoondoka kwa kuwa hawajui jumla itafika ngapi.

Kiungo cha mashine kinahitaji swali kabla ya kukatwa: kwa nini watu 25 wamebonyeza na hakuna aliyenunua? Kwa mama huyu jibu ni kwamba mashine ziliisha wiki ya kwanza ya mwezi. Kiungo kiliendelea kuita watu kwenye kibanda kitupu. Hapa hakifuti. Anachagua `Pause`, yaani anakisimamisha, na mzigo mpya ukifika anakirudisha. Akichagua `Remove` kimeondolewa, na akikitaka tena itabidi akiweke upya.

Kiungo cha historia hakijamletea hasara kubwa. Mabonyezo 3 ni machache mno kumhukumu mtu au kiungo. Sababu ya kukibadilisha ni nafasi: tangazo huonyesha viungo vichache kwa wakati mmoja, na Google ndiyo inayochagua viwe vipi. Afadhali nafasi hiyo aipe kiungo kinachojibu swali ambalo wateja humuuliza kila siku kwenye simu, kwa mfano mikoa anayosafirisha. Tena asibaki na viungo viwili tu, maana Google inahitaji kuwa na vya kuchagua.

Abadilishe kimoja au viwili, kisha asubiri mwezi mwingine. Akibadilisha vyote siku moja, hatajua kipi kilileta tofauti.

Nyongeza zisizobonyezeka, na kitufe cha simu

Ukitumia mgawanyo ule kwenye `Callouts`, utakuta mabonyezo ya nyongeza yenyewe ni sifuri. Usizifute kwa sababu hiyo. Maneno yale hayabonyezeki, kwa hiyo sifuri ndiyo jibu lake siku zote. Yapime kwa maswali mawili: je, bado ni kweli, na je, yanamwambia mteja kitu ambacho maelezo ya tangazo hayajasema? Kama umeandika kwamba unafikisha mzigo bure na sasa unatoza, ondoa leo bila kungoja ripoti.

Usidanganyike pia ukiona kwamba tangazo linabonyezwa zaidi linapokuwa na nyongeza. Nyongeza huonekana zaidi tangazo likiwa limekaa juu ya ukurasa, na tangazo la juu hubonyezwa zaidi hata lingekuwa peke yake. Huwezi kusema ni nyongeza iliyoleta mabonyezo yote hayo.

Kitufe cha simu kina tabia yake. Ukichagua `Segment` kisha `Click type`, mstari wa `Mobile clicks-to-call` unahesabu watu waliobonyeza kitufe. Hauhesabu mazungumzo. Mtu akibonyeza saa nne usiku na wewe umelala, umelipia. Linganisha namba hiyo na simu zilizoingia kwenye simu yako. Tofauti ikiwa kubwa, usiondoe kitufe; kipangie siku na saa ambazo kuna mtu wa kupokea.

Viungo usivyovijua

Mwisho, ukikuta kwenye ripoti kiungo ambacho hukukiandika, huenda kimetengenezwa na Google yenyewe kutoka kwenye kurasa za tovuti yako. Kinaweza kufaa, na kinaweza kuwapeleka watu kwenye ukurasa wa zamani wenye bei za mwaka jana. Kifungue uone kinaishia wapi. Kama hakifai, unaweza kukizuia katika mipangilio ya nyongeza zinazojitengeneza zenyewe. Hata hivyo ukurasa wa zamani urekebishe au uufute, kwa sababu mteja anaweza kuufikia kwa njia nyingine.