Urejeshaji wa Kidijitali wa Sanamu

Urejeshaji wa kidijitali wa sanamu ni kuijenga upya sanamu iliyovunjika, katika picha au modeli ya kompyuta, kwa ushahidi uliobaki pekee. Mkataba wa Venisi wa 1964 unataka urejeshaji ukome pale makisio yanapoanza. Mfano bora ni Buda mkubwa wa Bamiyan, Afghanistan, aliyelipuliwa Machi 2001. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walitumia picha tatu za upimaji zilizopigwa mwaka 1970: nukta iliyoonekana katika picha zaidi ya moja ilikokotolewa mahali pake, hata mikunjo ya vazi ikapatikana. Picha za mtandaoni za sanamu hiyo zilitoa umbo hafifu zaidi. Uso ulikuwa umetoweka kabla ya picha za 1970 kupigwa. Kuuchonga upya kungekuwa kubuni.