Bei Zinazotangazwa na Soko Lisiloonekana: Taarifa ya Kila Mwezi ya Wakala wa Nyumba Masaki

Mawakala kadhaa wa rasi ya Msasani jijini Dar es Salaam wana desturi ya kuwatumia wateja wao, mwanzoni mwa kila mwezi, taarifa fupi kuhusu hali ya mtaa: kodi zinazotakwa, nyumba mpya zilizoingia sokoni, na idadi ya watu waliouliza. Wenye nyumba huitumia kupanga bei, na wapangaji huitumia kupima kama wanaonewa. Makala hii inadai kwamba tarakimu inayowekwa juu kabisa ya taarifa hiyo, yaani mabadiliko ya bei ya katikati, mara nyingi inaeleza ni nyumba zipi zimebaki bila mtu kuliko inavyoeleza kodi zinavyokwenda.

Chanzo cha tatizo ni kwamba kodi waliyokubaliana mwenye nyumba na mpangaji haionekani popote hadharani. Uingereza na Welisi, mamlaka ya usajili wa ardhi hutoa kila mwezi bei halisi zilizolipwa kwa nyumba zilizouzwa, na kumbukumbu hizo zinarudi nyuma hadi mwaka 1995. Kwa pango la Dar es Salaam hakuna kitu cha namna hiyo. Mikataba hulipiwa ushuru wa stempu, lakini mwananchi hawezi kwenda kusoma kodi ya nyumba moja moja. Wakala anabaki na matangazo tu, na tangazo ni ombi la mwenye nyumba.

Tuchukue mfano wa kubuni wa fleti za vyumba viwili Masaki. Mwisho wa Januari wakala ana fleti tisa, na kodi zake kwa mwezi, katika mamilioni ya shilingi, ni 1.8, 2.0, 2.2, 2.4, 2.6, 3.0, 3.4, 3.8 na 4.2. Bei ya katikati, ile yenye nne chini yake na nne juu yake, ni milioni 2.6. Februari zile nne za bei nafuu zinapata wapangaji. Kati ya tano zilizobaki, mwenye fleti ya 3.4 anashusha hadi 3.0, na wa 3.8 anashusha hadi 3.5. Zinaingia nne mpya: 2.3, 2.9, 3.2 na 3.6. Ukizipanga upya zote tisa, bei ya katikati sasa ni milioni 3.0.

Taarifa ya Machi itaandika kwamba kodi za Masaki zimepanda kwa asilimia 15. Lakini hakuna mwenye nyumba hata mmoja aliyepandisha! Fleti tano zilizokuwapo miezi yote miwili zilikuwa zikidai jumla ya milioni 17.0, sasa zinadai 16.3, pungufu ya asilimia 4 hivi. Kilichopandisha bei ya katikati ni kuondoka kwa nyumba za bei nafuu. Mwenye nyumba akiisoma taarifa hiyo atakaza msimamo, na fleti yake itakaa tupu mwezi mwingine, kisha itahesabiwa tena miongoni mwa zinazoipandisha bei ya katikati.

Hata hivyo, kufuatilia nyumba zilezile hakumalizi kazi. Nyumba zilizobaki zimebaki kwa sababu, na kwa kawaida sababu ni kwamba zilitangazwa kwa bei ya juu mno tangu mwanzo. Kushuka kwao kwa asilimia 4 ni wenye nyumba kukubali hali; si lazima soko lote liwe limeshuka. Ninachokiona mimi katika orodha hii ni masoko mawili yaliyochanganywa. Chini ya milioni 2.5 nyumba zilipata watu ndani ya mwezi, wakati juu ya hapo hakuna iliyoondoka. Sentensi hiyo moja ingemfaa mteja kuliko asilimia yoyote, na wakala anaweza kuiandika kwa kulinganisha orodha ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, mradi tu amehakikisha kwamba zilizoondoka zimepangishwa kweli na hazikuondolewa na wenyewe.

Jambo la pili ni sarafu. Kwa miaka mingi kodi za Masaki na Oysterbay zilitangazwa kwa dola. Katikati ya mwaka 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 2,600. Mwishoni mwa Desemba ilikuwa karibu 2,400. Fleti ya dola 1,200 ukiibadilisha kwa 2,650 inakuwa shilingi 3,180,000, na kwa 2,400 inakuwa 2,880,000. Hapo kodi imeshuka kwa zaidi ya asilimia 9 huku mwenyewe hajabadilisha neno katika tangazo lake. Kisha Machi 2025 zikaja kanuni za kuzuia kutangaza bei kwa fedha za kigeni, na wenye nyumba wakalazimika kuandika shilingi, kila mmoja kwa kiwango alichokiona kinamfaa. Mchoro wowote unaounganisha miezi ya kabla na baada ya hapo kwa mstari mmoja usiokatika unastahili kutiliwa shaka.

Lililo gumu zaidi kulinasa ni punguzo lisiloandikwa. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam akiona wateja wamepungua, kodi huwa ni kitu cha mwisho kuguswa, maana wapangaji wengine wa jengo watasikia. Kwanza atakubali kulipwa miezi mitatu badala ya mwaka mzima. Atakubali kuacha fenicha na viyoyozi, au kubeba mwenyewe gharama za ulinzi na mafuta ya jenereta. Tangazo linabaki palepale kwenye milioni 3.0. Kwa mpangaji aliyekuwa atafute milioni 36 kwa mkupuo, kutoa milioni 9 ni nafuu kubwa, lakini taarifa itasema bei hazijabadilika. Kwa hiyo idadi ya miezi inayodaiwa mbele ni kipimo cha hali ya soko, na sioni sababu ya kuiacha nje.

Kuhusu mahitaji, simu na ujumbe wa Wasapu ni ushahidi dhaifu. Mtu mmoja anayetafuta nyumba huwauliza madalali watano, na kila mmoja humhesabu. Nyumba moja nayo hutangazwa na madalali wengi, wakati mwingine kwa bei tofauti, na iliyokaa miezi minne hupigwa picha upya ikarudi kama mpya. Wakala makini huitambua kwa vigae vya jikoni au kwa kinachoonekana barazani, huifuta kwenye hesabu ya nyumba mpya na kuirudishia tarehe yake ya kwanza. Idadi ya waliokwenda kuiona nyumba, na wangapi kati yao walitoa ofa, ina uzito zaidi kuliko simu mia.

Mteja anayepokea taarifa hizi na amwombe wakala wake mambo matatu: orodha ya nyumba zilizoondoka na bei ya mwisho ya kila moja, siku zilizokaa tangu zilipotangazwa mara ya kwanza, na miezi iliyolipwa mbele. Wakala mwenye nyumba tisa tu za aina moja asiandike asilimia kabisa. Aorodheshe nyumba zenyewe.