Akaunti za makao makuu na tawi

Akaunti mbili zinazorekodi bidhaa na fedha zinazohamishwa kati ya makao makuu ya biashara na tawi linalojiwekea vitabu vyake. Makao makuu hufungua Akaunti ya Tawi, yenye salio la debiti. Tawi hufungua Akaunti ya Makao Makuu, yenye salio la krediti. Masalio hayo hupaswa kuwa sawa.

Mwisho wa mwaka ni nadra yalingane moja kwa moja. Tuseme duka la Dar es Salaam linaonyesha sh. 8,400,000, na tawi lake la Mwanza sh. 6,900,000. Katika tofauti ya sh. 1,500,000, sh. 900,000 ni mzigo uliotumwa Desemba 30 ambao Mwanza haijaupokea, na sh. 600,000 ni fedha ambazo Mwanza imetuma lakini hazijafika. Makao makuu hudebiti bidhaa zilizo njiani na fedha zilizo njiani, kisha hukrediti Akaunti ya Tawi. Sasa akaunti zote mbili zinasoma sh. 6,900,000, na hufutana katika mizania ya pamoja.

Marekebisho haya yanaweza kuficha wizi kwa urahisi. Mzigo ulioandikwa “njiani” ambao hadi mwisho wa Januari hauna hati ya mapokezi unastahili kufuatiliwa kwa msafirishaji.